Kwa nini Turku hugeuka Turun: silabi ndiyo inayoamua

Kila msimu wa YKI, yaani mtihani wa taifa wa lugha, unapokaribia, sisi tunaofundisha Kifini kwa watu wazima hupokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wanafunzi wetu wanaozungumza Kiswahili. Mtu ameandika *Turkussa*, karatasi imerudi na mstari mwekundu, naye anauliza: jina la mji si Turku? Nani amekula ile k? Mwaka huu maswali yamezidi, na wengi wanaouliza wanajiandaa kwa ngazi ya kati, ile inayotoa daraja la 3 na la 4. Daraja la 3 ndilo linalotakiwa kwa anayeomba uraia wa Ufini. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa Kiswahili. Tunachukua kwamba msomaji anavijua viambishi vyenyewe, kwamba *-ssa* ni ndani, *-sta* ni kutoka ndani, *-lla* ni juu au kando. Hatutavirudia hapa.

Tatizo linaanzia masikioni. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na sikio letu halijazoea kuuliza kama silabi imefungwa au iko wazi. Zilizofungwa tunazo chache, nyingi za maneno ya kukopa: *lab-da*, *mak-ta-ba*, *daf-ta-ri*. Tamka *lab* kisha *da*, utasikia silabi ya kwanza inavyokatwa na konsonanti. Kifini kinaisikiliza silabi ya namna hiyo muda wote. Kiambishi kinapoifunga silabi ya mwisho ya shina, ile k, p au t inayoianza silabi hiyo hulegea. Silabi ikibaki wazi, konsonanti hubaki na ukali wake. Wafini huita mabadiliko haya *astevaihtelu*.

Chukua *katu*, mtaa. *Ka-tu*: silabi ya mwisho iko wazi, t ni kali. Ongeza *-n* ya umiliki, unapata *ka-tun*, silabi imefungwa, t inalegea kuwa d: *kadun*. Ongeza *-lla*, unapata *ka-tul-la*, ile l ya kwanza imefunga, kwa hiyo *kadulla*. Anayekaa Hämeenkatu, barabara kuu ya katikati ya Tampere, husema *asun Hämeenkadulla*. Sasa ongeza *-a*: *ka-tu-a*. Hakuna kilichofungwa, t inabaki. Ongeza *-na*: *ka-tu-na*, vivyo hivyo. Kwa hiyo usikariri orodha ya hali zinazolegeza na zisizolegeza, kama vitabu vingine vinavyoshauri. Orodha hiyo husahaulika ndani ya wiki mbili, tumeliona hilo darasani mara nyingi mno. Gawa neno kwa silabi.

Wanaodai kwamba badiliko hili ni pambo la maandishi tu, kwamba msikilizaji ataelewa, wafikirie jozi hii. *Matto* ni zulia, *mato* ni mnyoo. Konsonanti pacha hulegea kwa kubaki moja, kwa hiyo juu ya zulia ni *matolla*. T iliyokuwa moja tangu mwanzo hulegea kuwa d, kwa hiyo juu ya mnyoo ni *madolla*. Ukisema *lapsi istuu matolla*, mtoto ameketi kwenye zulia. Ukiweka d mahali pa t umemkalisha juu ya mnyoo. Ndivyo mfumo wote unavyokwenda: kk, pp, tt hushuka kuwa k, p, t, na zile zilizokuwa peke yake hushuka zaidi, t kuwa d, p kuwa v, na k mara nyingi kutoweka kabisa. *Kauppa*, duka, ni *kaupan*. *Leipä*, mkate, ni *leivän*. *Joki*, mto, ni *joen*. Hata bara letu limo: *Afrikka*, lakini *tulen Afrikasta*.

Penye sauti ya puani kabla ya konsonanti, au l na r kabla ya t, ile inayolegea humezwa na jirani yake. *Ranta*, ufukwe, huwa *rannan*. *Silta*, daraja la kuvukia, huwa *sillan*. *Parta*, ndevu, huwa *parran*. Helsinki huwa *Helsingin*, na hapa msemaji wa Kiswahili anawatangulia wanafunzi wengine wengi, kwa sababu hiyo ng ni ng' ya *ng'ombe*, ila ndefu. Usiisome kama ng ya *ngoma*.

Kuna mahali kanuni inaonekana kuvunjika, na tunaomba pasomwe kwa utulivu. Kwenda ndani ya mtaa ni *katuun*. Silabi imefungwa na n, lakini t haikulegea. Vilevile *Turkuun*, *Helsinkiin*, *Afrikkaan*. Sababu ni ya kihistoria: kiambishi hiki kilikuwa na h katikati, *katuhun*, yaani *ka-tu-hun*, na silabi ya *tu* ilikuwa wazi. H ilidondoka, irabu mbili zikaungana, lakini t ilikwisha kuamuliwa. Anayetaka ushahidi atazame maneno ya silabi moja, ambayo h bado inaishi ndani yake: *maa*, nchi, ni *maahan*. Viambishi vya umilikaji navyo havilegezi. *Mtaa wake* ni *katunsa* ingawa *tun* imefungwa, na *mtaa wetu* ni *katumme*. Wanafunzi wetu wazuri kabisa ndio huandika *kadunsa*, kwa sababu wameishika kanuni kuliko neno lenyewe.

Kisha kuna kundi linalokwenda kinyume, na kwa bahati mbaya ndilo lililojaa kwenye karatasi za serikali: *lomake*, fomu, *osoite*, anwani, *liite*, kiambatisho. Hapa neno la kamusi ndilo lililolegea, na kiambishi ndicho kinachokaza: *lomakkeen*, *osoitteen*, *liitteessä*. Mtu akiona *lomake* anafikiri silabi ya mwisho iko wazi, basi k ingepaswa kuwa kali. Zamani haikuwa wazi. Maneno haya yaliishia kwa konsonanti iliyofifia kwenye maandishi, lakini Mfini anaposema *lomake tänne*, leta fomu hapa, utamsikia akiibana t ya neno la pili kana kwamba kuna kitu kati yao. Kiambishi cha irabu kilipokuja, silabi ilifunguka na sauti kali ikarudi. Kabla ya *-tta* silabi inafungwa tena, kwa hiyo *lomaketta*, k moja. *Asiakas*, mteja, neno utakaloitwa kila dirishani, lina tabia hiyohiyo: *asiakkaan*, lakini *asiakasta*.

Tuchukue ujumbe ambao mwanafunzi mmoja aliandika kama zoezi, kuhusu kuhama:

*Muutin Turkusta Lahtiin. Lomaken osoite on väärä.*

Alikusudia: nimehama kutoka Turku kwenda Lahti, anwani iliyo kwenye fomu si sahihi. Tuanze na Turku. *Tur-kus-ta*: silabi ya kati imefungwa, k inalegea, na baada ya r hapa inatoweka. *Turusta*. Lahti ina kosa la namna nyingine. Kiambishi cha kwenda ndani hakilegezi, kwa hiyo t ameiacha kwa haki, lakini shina la *lahti* ni *lahte-*. Ile i ya mwisho ni ya neno linaposimama peke yake tu. Sahihi ni *Lahteen*, na ndani ya Lahti ni *Lahdessa*. Mbona Helsinki haikuwa *Helsinkeen*? Kwa sababu shina lake lina i kweli. Umbo la kamusi halikuonyeshi tofauti hiyo. Umbo la *-n* linakuonyesha: *Lahden*, *Helsingin*. Ndiyo maana tunasisitiza neno lijifunzwe pamoja na umbo lake la *-n*, tangu siku ya kwanza. Mwisho, *lomaken* ni la lile kundi la kinyume: *lomakkeen*. Ujumbe uliosahihishwa: *Muutin Turusta Lahteen. Lomakkeen osoite on väärä.*

Kwa kuwa tumetaja kuhama, tukumbushe utaratibu, maana nao umebeba somo. Taarifa ya kuhama, *muuttoilmoitus*, hutolewa mapema zaidi mwezi mmoja kabla ya kuhama, na kwa kuchelewa kabisa wiki moja baada yake. Maelekezo husema *viikon kuluttua muutosta*. Wengi hutafuta *muutosta* wakaangukia *muutos*, badiliko, wakadhani wiki inahesabiwa tangu kitu fulani kibadilike. Hapa ni *muutto*, kuhama, tt ikiwa imelegea mbele ya *-sta*. Wiki inahesabiwa tangu siku uliyohama.

Kurudi nyuma namna hii, kutoka umbo uliloliona hadi neno la kamusi, ndiyo kazi ngumu zaidi. Ukikuta k, p au t moja kwenye silabi iliyofungwa katika neno la Kifini asilia, jaribu kwanza kuipa pacha: *kukan* ni *kukka*, ua. Ukikuta d, jaribu t. V ina utata, kwa kuwa huenda ilikuwa v tangu mwanzo, kama *kuvan* kutoka *kuva*, picha. Jaribu zote mbili. Tena ukiitafuta *kadun* bila kujali, unaweza kuishia kwenye kitenzi *katua*, kujuta, kwa sababu *kadun* pia ni *ninajuta*.

Kamusi ya Kielitoimiston sanakirja ina msaada ambao wanafunzi wengi wanaupita bila kuutazama. Kando ya neno kuna namba, na kwa maneno yanayolegea kuna nyota na herufi, kati ya A na M. Namba ni aina ya mnyambuliko, herufi ni aina ya kulegea. A ni kk kwenda k, C ni tt kwenda t, F ni t kwenda d, G ni nk kwenda ng. *Katu* ina 1*F, *lomake* ina 48*A. Pasipo na herufi, usilegeze chochote: *matka*, safari, ni *matkan*, *posti* ni *postin*, kwa kuwa tk na st hazilegei, na *auto* ni *auton*, kwa kuwa maneno mapya ya kukopa hulegeza konsonanti pacha tu. Kwa sababu hiyohiyo kijana Baraka ni *Barakan*, k yake ikiwa salama.

Kuhusu alama: kituo chetu hakisahihishi mtihani wa taifa na hatuwezi kumwahidi mtu matokeo. Tunachoweza kusema ni kwamba katika daraja la 3 makosa ya namna hii yanatarajiwa, mradi ujumbe unaeleweka. Asiyeridhika na alama ana siku 14 tangu kupata matokeo kuomba yapitiwe upya, na ombi hilo hupelekwa kwa maandishi. Kulalamika kwa mwalimu wa darasani hakusimamishi hesabu ya hizo siku.