Wiki mbili kabla ya ubingwa: punguza kilomita, spidi iache

Msimu wa mashindano ya taifa ukikaribia makocha wanatupigia simu na swali ni lile lile, mwanariadha wangu apumzike siku ngapi? Huwa tunawaambia lete daftari la mazoezi kwanza. Mtu aliyejifua miezi mitatu ana stamina na ana uchovu, vyote viko mwilini kwa pamoja, ila uchovu unatoka haraka, siku kadhaa tu, wakati stamina inashuka polepole kwa wiki nyingi, sasa hapo katikati ndo tunapotafuta siku ya mashindano.

Chukua mkimbiaji wa mita 10,000 anayejifua Arusha, wiki zake nne za mwisho daftari linasema kilomita 142, 150, 96 na 148. Ile 96 alikuwa na mafua, itoe, usipige nayo hesabu maana itakudanganya kwamba keshapunguza. Zilizobaki wastani wake ni kama 147. Wiki ya kwanza tunampeleka 100, wiki ya mashindano 60 bila kuhesabu mbio zenyewe. Ukijumlisha wiki zote mbili amepunguza karibu nusu, na hapo ndo penye faida kwa wengi.

Kinachokatwa ni mbio ndefu na zile za jioni za taratibu. Jumapili alikuwa anapiga 28, inakuwa 18, afu wiki ya mwisho hakuna kabisa. Siku za mazoezi zinabaki karibu zile zile. Spidi haiguswi: kama alikuwa anarudia mita 1,000 mara nane kwa dakika 2:58, wiki ya kwanza zinakuwa sita, halafu nne Jumanne ya wiki ya mashindano kama anakimbia Jumamosi, ila kila moja bado 2:58 na mapumziko yale yale. Wengi wanakosea hapa, wanapunguza umbali na spidi kwa pamoja, miguu inasahau kasi ya mashindano. Wengine miguu ikiwa myepesi wanaanza kukimbiza 2:50 mazoezini, yaani medali wanaiacha uwanja wa mazoezi.

Utajuaje inafanya kazi? Mapigo ya moyo asubuhi kabla hajatoka kitandani yasipande, na ile 2:58 aione rahisi kuliko mwezi uliopita. Siku za mwanzo anaweza kulalamika miguu mizito, hilo ni la kawaida, usimwongezee mazoezi. Kama daftari linaonyesha mtu alikuwa anakimbia kilomita 50 kwa wiki basi uchovu wake ni mdogo, wiki moja inamtosha.

Na akipanda mzani kilo moja msishtuke mkamnyima ugali, misuli inajaza akiba ya sukari na sukari hiyo inakaa na maji, ndo nguvu ya kukimbilia Jumamosi hiyo.