Tafsiri imerudi sawasawa, na dodoso bado ni bovu

Nimeandikiwa tena: "Tafsiri rejeshi imefanana na Kiingereza asilia, kwa hiyo dodoso limepita." Yaani mtafsiri mwingine amekirudisha Kiswahili chetu kwenye Kiingereza, na Kiingereza hicho kikalingana na cha awali. Limepita wapi, ndugu zangu? Limepita mezani kwa watu wanaojua Kiingereza. Mhojiwa atakayesomewa hakuwepo.

Chukueni PHQ-9, yale maswali tisa ya sonona. Yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na majibu ni manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3, kisha zinajumlishwa. Mpe mtafsiri wa pili Kiswahili hicho bila kumwonyesha asilia. Jibu la tatu atalirudisha barabara, kwa sababu anaona wiki 2 pale juu, anaona majibu yalivyopangwa, na pengine PHQ-9 alishakutana nayo kazini. Mkaguzi anatia tiki.

Sasa lisome kwa sauti, kama mhojaji anavyolisoma barazani. "Siku" ni ileile, iwe moja au kumi na nne. Anayesikia "zaidi ya nusu ya siku" ana haki kabisa ya kuelewa tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwulize alikuwa anahesabu nini, naye anaweza kukwambia kwamba akiamka huwa hivyo hadi adhuhuri ipite, kisha anapata nafuu. Ikiwa ilimtokea siku tatu tu, alistahili 1, nawe umempa 2. Kosa hilo likijirudia swali baada ya swali, mtu anafika 10, alama ambayo tafiti nyingi huitumia kumhesabu kuwa huenda ana sonona.

Mimi huandika "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14". Wahojiwa wanaelewa. Kichekesho ni kwamba sasa tafsiri rejeshi inarudi tofauti na asilia, na ofisi ya mfadhili inamwaga wino mwekundu! Wana hoja moja inayoninyima usingizi: asilia haitaji namba, na mtu aliyepewa namba huanza kuhesabu pale ambapo mwenzake wa nchi nyingine anakadiria tu. Pengine ninaharibu ulinganifu kidogo ili nipate maana. Nimekubali hasara hiyo, ila vitabu huipita kimyakimya.

Tafsiri rejeshi siitupi. Inakamata sentensi iliyorukwa, kanusho lililopotea, wiki zilizogeuka miezi. Hata mwanasaikolojia Brislin, aliyeieneza kwa makala yake ya 1970, hakuishia kulinganisha maandishi. Alitaka pia wasomaji wapimwe kama wameelewa.

Kwa hiyo mkaguzi akiniandikia "haifanani", au hata "inafanana", namwomba safu moja zaidi kwenye jedwali lake: wahojiwa wa majaribio walisemaje walipoombwa waeleze swali kwa maneno yao. Safu hiyo ikiwa tupu, maoni yake hayajanifikia.