Picha ya risiti hugeuzwaje kuwa jedwali safi?

Je, picha ya skrini ya risiti ya duka inawezaje kuwa jedwali la bidhaa, idadi na bei, na nitajuaje kwamba namba zimesomwa sawasawa?

Ifungue picha kwenye kompyuta kwa Google Lens, kisha nakili maandishi safu kwa safu. Ukichagua yote kwa mkupuo, mara nyingi programu hukupa majina yote kwanza, halafu bei zote, kwa sababu nafasi tupu katikati huifanya ione mafungu mawili. Bofya seli ya A2 mara moja tu katika Google Sheets na ubandike majina. Ukibofya mara mbili, yote yataingia kwenye seli moja. Idadi iweke B, bei ya kimoja C, jumla ya mstari D.

Uzuri wa risiti ni kwamba inabeba ushahidi wake yenyewe: idadi ikizidishwa kwa bei lazima ilete jumla ya mstari. Tuseme imeandikwa sembe 2 kwa 4,200, mafuta 1 kwa 7,500, sukari 3 kwa 3,000 na sabuni 4 kwa 1,500. Jumla kuu ni 30,900. Andika fomula ya kwanza katika E2 na uiburute hadi E5, na ya pili katika D6:

```
=B2*C2-D2
=SUM(D2:D5)
```

Sasa D6 inaonyesha 16,900. Kuna upungufu wa 14,000, lakini umetoka wapi? Safu ya E inajibu. Kwenye sembe kuna 5000, maana 8,400 imesomwa 3,400. Kwenye sukari kuna `#VALUE!`, kwa kuwa sifuri ya mwisho ya 9,000 imesomwa kama herufi O. Hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwani `SUM` huiruka seli yenye maandishi bila kukuonya. Dalili yake ni namba iliyoegemea kushoto wakati wenzake wako kulia.

Bidhaa za kupimwa kwa kilo zinaweza kuacha tofauti ndogo, chini ya shilingi moja, kwa sababu mashine hukadiria; hizo ziache. Punguzo lipe mstari wake, likiwa na alama ya kutoa. Mstari wa VAT usiuongeze kama bei za risiti tayari zina kodi ndani.

Ikiwa E yote ni sifuri na jumla kuu bado haifanani, kuna mstari uliopotea au uliorudiwa. Hutokea sana risiti ndefu inapopigwa picha mbili zinazopishana.

Majina, kwa bahati mbaya, hayana hesabu ya kuyalinda. Jina refu lililovunjika mistari miwili huyasukuma yote ya chini yake, sukari ikapewa bei ya sabuni huku E ikionyesha sifuri tupu. Kwa hiyo tazama mwisho wa safu ya A: jina la mwisho likishuka chini ya bei ya mwisho, panda juu ukatafute jina lililokatika.