Chumba cha kaskazini chenye giza: rangi ipi hapa Dar?

Ushauri mwingi wa rangi unaosambaa mtandaoni uliandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya. Kule chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua la maana mwaka mzima na mwanga wake una ubuluu, ndiyo maana watu huambiwa wapake rangi zenye joto. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini tangu mapema Machi hadi Oktoba. Kwa hiyo chumba cha kaskazini kikiwa na giza hapa, ujue kuna kitu kimelizuia jua, na kitu hicho ndicho cha kuangalia kabla hujaenda dukani.

Mara nyingi ni paa. Mwezi Juni jua la mchana husimama kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, hivyo kibaraza chenye paa la mita moja na nusu hushusha kivuli cha mita mbili na nusu ukutani. Dirisha lote limefunikwa. Mwanga unaoingia ndani umegonga kwanza sakafu ya kibaraza, ukuta wa jirani au mwembe, nao huja na rangi ya ulichogonga.

Chukua sebule moja ya Tabata niliyoifanyia kazi. Mbele ya dirisha kuna ukuta wa jirani wa bloku ambazo hazijapigwa lipu. Mama mwenye nyumba alitaka nyeupe kabisa ili chumba king'ae. Lakini rangi haizalishi mwanga, hurudisha ule iliopokea, na pale ilipokea kijivu. Nilipaka vipande viwili vya hadibodi, kimoja nyeupe, kingine krimu yenye unjano kidogo, kila kimoja mara mbili, vikakauka hadi kesho yake. Tuliviegemeza kwenye ukuta wenye dirisha, kwa sababu huo ndio wenye giza kuliko zote: mwanga wa dirisha haufiki juu yake moja kwa moja. Saa nne asubuhi ile nyeupe ilikuwa kama majivu. Krimu ilionekana safi, na mama akaichagua mwenyewe.

Kama ukuta wa jirani ungekuwa wa matofali mekundu, nisingeshauri krimu hiyo, maana ingegeuka rangi ya pichi. Hapo nyeupe iliyopoa, yaani yenye ubuluu kidogo, inatosha. Kwenye mwembe, epuka kijivu chenye ukijani.

Kadi nyingi za rangi zina namba ya LRV, yaani asilimia ya mwanga inayorudishwa na ukuta. Kwa vyumba hivi napenda 65 hadi 75. Chini ya 50 ukuta unameza mwanga.

Kisha viangalie vipande tena usiku, taa ikiwa imewashwa. Balbu nyeupe kali za 6500K huua unjano wote wa krimu. Weka za 3000K au 4000K, ambazo mwanga wake una unjano zaidi, kabla fundi hajafungua ndoo.