Kitufe kimoja, namba mbili: kusoma kibao cha vitufe chenye kebo ndefu

Kibao cha vitufe 16 kinachouzwa madukani, chenye namba, herufi A hadi D, nyota na alama ya reli, hutoka na nyaya 8 tu. Vitufe vimepangwa katika safu mlalo nne na safu wima nne, na kila kitufe kimekaa pale mlalo mmoja unapokatana na wima mmoja. Ukikibonyeza, waya wa mlalo huo unagusana na waya wa wima huo, basi. Maikrokontrola haiwezi kuona vitufe vyote kwa mara moja. Inachofanya ni kuushusha mlalo mmoja hadi volti 0, kuzisoma safu wima zote nne, kuuachia mlalo huo na kwenda kwenye unaofuata. Kila safu wima imevutwa hadi volti 5 na rezista iliyo ndani ya maikrokontrola yenyewe, kwa hiyo wima unaosomeka chini ni ule ambao kitufe kilichobonyezwa kimeuunganisha na mlalo ulioshushwa.

Maelezo hayo ni sahihi, na kwa kibao kilichochomekwa moja kwa moja kwenye bodi ya Arduino Uno hayakosi kufanya kazi. Nataka kueleza kinachotokea kibao kinapokuwa mbali na bodi, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyokifunga mara nyingi hapa Lamu. Katika nyumba moja ya wageni mtaani Mkomani, kibao cha kufungulia mlango kilifungwa ukutani kwenye daka, na bodi ikawekwa chumba cha ndani mahali palipo pakavu. Kati yao ilipita kebo ya mtandao ya mita 6, ambayo ina nyaya 8 kamili na kwa hiyo inafaa sana kwa kazi hii. Mlinzi wa nyumba alinieleza tatizo vizuri kuliko ambavyo mafundi wengi wangelieleza: "Fundi, nikibonyeza moja, na nne inakuja. Nikibonyeza tano, nane inafuata. Lakini sifuri haina shida."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba jibu. Namba ya ziada ilikuwa daima katika wima uleule, kwenye mlalo unaofuata, na mlalo wa mwisho haukuzaa namba yoyote ya ziada. Kosa linalofuata mpangilio wa programu namna hiyo halitoki kwenye kitufe kibovu. Linatokana na muda.

Tufuate kinachotokea 1 inapobonyezwa. Programu inaushusha mlalo wa kwanza, na wima wa kwanza unashuka nao kupitia kitufe. Inausoma, inauona uko chini, na hapo imesoma kweli. Kisha inauachia mlalo wa kwanza, yaani inaigeuza pini yake kuwa ingizo lisilosukuma wala kuvuta. Sasa wima wa kwanza unatakiwa urudi juu, na kitu pekee kinachoupandisha ni ile rezista ya ndani. Katika maikrokontrola ya ATmega328P rezista hiyo ni kati ya kilo-omu 20 na 50, kwa hiyo mkondo unaopita ni mdogo sana. Nao waya wa mita 6 uliolala bega kwa bega na nyaya nyingine 7 ni kapasita. Mimi hukadiria pikofaradi 100 kwa kila mita ya kebo ya aina hii, ambazo kwa mita 6 zinafika 600. Tena kidole bado kipo juu ya kitufe, na hilo husahaulika kwa urahisi: waya wa mlalo wa kwanza, ingawa umeachiwa, ungali umeungana na waya wa wima, na wenyewe una pikofaradi zake 600. Rezista inalazimika kuzijaza nyaya mbili, jumla pikofaradi 1200.

Tukichukua kilo-omu 35, ambayo ni katikati ya kiwango hicho, tukazidisha kwa pikofaradi 1200, tunapata maikrosekunde 42. Maikrokontrola hii inaahidi kuisoma pini kuwa iko juu ikiwa volteji yake imefika asilimia 60 ya ile ya umeme wake, yaani volti 3 kwa bodi ya volti 5. Kufika hapo kunahitaji mara 0.92 ya muda ule, yaani takriban maikrosekunde 38. Na rezista ikiwa ya kilo-omu 50, takriban 55. Programu yenyewe haingoji kiasi hicho. Amri za `pinMode` na `digitalWrite` kwenye Uno huchukua maikrosekunde chache kila moja, kwa hiyo mlalo wa pili unashushwa na wima wa kwanza unasomwa baada ya maikrosekunde kama 10 hivi. Wima bado uko chini kwa sababu ya mlalo uliopita, na programu inaandika 4. Kufikia mlalo wa tatu muda umepita wa kutosha, ndiyo maana 7 haikutokea. Na baada ya mlalo wa nne programu ilikuwa ikipumzika milisekunde 5 kabla ya kuanza upya, ndiyo maana sifuri ilikuwa salama.

Mtu aliyezoea vitufe atashuku kudundadunda kwa kitufe, na ataongeza idadi ya usomaji unaopaswa kufanana kabla namba haijakubaliwa. Hapa hatua hiyo haisaidii hata kidogo. Kudunda hubadilika kutoka usomaji mmoja hadi mwingine na huisha baada ya milisekunde chache, lakini namba hii ya ziada inarudi ileile katika kila mzunguko muda wote kidole kikiwapo, kwa hiyo kadiri unavyozidi kuithibitisha ndivyo inavyoonekana ya kweli. Kipimo changu ni kingine: naweka kwa muda kusubiri kwa maikrosekunde 1000 baada ya kuushusha mlalo na kabla ya kusoma. Namba ya ziada ikitoweka, tatizo ni ujazo wa waya. Ikibaki, nyaya zinavuja au zimegusana mahali fulani.

Kule Mkomani namba hiyo ilitoweka. Mtu anaweza kuacha kusubiri kwa maikrosekunde 100 na kuondoka, na mlango utafunguka vizuri. Mimi napendelea njia isiyotegemea urefu wa kebo, nayo ni kuupandisha mlalo kwa nguvu kabla ya kuuachia:

```c
for (byte r = 0; r < 4; r++) {
  digitalWrite(mlalo[r], LOW);
  pinMode(mlalo[r], OUTPUT);
  delayMicroseconds(10);
  for (byte c = 0; c < 4; c++)
    chini[r][c] = (digitalRead(wima[c]) == LOW);
  digitalWrite(mlalo[r], HIGH);
  pinMode(mlalo[r], INPUT);
}
```

Safu wima zimekwisha kuwekwa `INPUT_PULLUP` mwanzoni mwa programu. Tofauti yote iko katika ile `HIGH` moja. Ikiwa kitufe kimebonyezwa, pini ya mlalo inaujaza wima kupitia kitufe chenyewe, ambacho ukinzani wake ni omu mia kadhaa tu badala ya makumi ya kilo-omu, na nyaya zinajaa ndani ya muda usiofika maikrosekunde moja. Ikiwa hakijabonyezwa, wima ulikuwa juu tangu awali na hakuna cha kujaza.

Hapo msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusiiache milalo mitatu isiyosomwa ikisukuma juu wakati wote. Ni kwa sababu watu hubonyeza vitufe viwili pamoja. Mtu akikandamiza 1 na 4, mlalo wa kwanza ulio chini na wa pili ulio juu vinaunganishwa kupitia wima mmoja, na pini mbili za maikrokontrola zinapigana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Pini ya ATmega328P haipaswi kamwe kuzidi miliampea 40, na kikomo hicho ni cha kuharibika, si cha kufanyia kazi. Katika programu ya hapo juu ni mlalo mmoja tu unaosukuma au kuvuta kwa wakati mmoja, hivyo ugomvi huo hauwezi kutokea.

Kuna namba ya uongo ya aina nyingine ambayo programu haiwezi kuitibu: vitufe vitatu vikibonyezwa katika pembe tatu za mstatili, mfano 1, 2 na 4, mkondo hupita kwa vitufe hivyo na 5 husomeka nayo. Kwa mlango unaofunguliwa kitufe kimoja kimoja inatosha programu kukataa kila usomaji wenye vitufe zaidi ya viwili. Anayehitaji vitufe vingi kwa pamoja aweke dayodi ya 1N4148 kwa kila kitufe, upande wenye mstari ukielekea mlalo.

Linalonishughulisha zaidi katika mji huu ni chumvi. Upepo wa kusi unapoleta unyevu wa bahari, maungio ya nyaya yaliyo kwenye daka hupata utando wa chumvi unaopitisha umeme kati ya waya na waya. Tuchukue uvujaji wa kilo-omu 20 kati ya mlalo mmoja na wima mmoja. Rezista ya ndani ikiwa ya kilo-omu 50, wima huo, mlalo ukishushwa, utashuka hadi takriban volti 1.4, na maikrokontrola huhesabu chochote kilicho chini ya volti 1.5 kuwa kiko chini. Kibao kitajibonyeza chenyewe, hasa alfajiri hewa inapokuwa nzito, wala kusubiri maikrosekunde 1000 hakutabadilisha kitu. Ukiongeza kwa nje rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka kila wima hadi volti 5, uvujaji uleule utauacha wima kwenye volti zinazozidi 4, na kitufe halali chenye ukinzani wa omu 500 bado kitaushusha hadi karibu nusu volti. Mkondo kwa kila wima unafika miliampea 1 tu, na hata ujazo wa waya unapungua hadi maikrosekunde 5 hivi.

Rezista hizo zinavumilia chumvi, hazizuii kutu. Kwa hiyo kabla ya kufunga kibao chochote kilichokaa nje naichomoa kebo kwenye bodi, naweka mita kwenye kilo-omu na kupima kila mlalo dhidi ya kila wima bila kugusa kitufe. Maungio makavu na safi hayaonyeshi kitu kwenye mita. Yakisoma makumi ya kilo-omu, na usomaji ukashuka ninapoyapulizia pumzi, nayaosha kwa maji matamu, nayasugua kwa spiriti, nayaacha yakauke kabisa, kisha nayapaka vanishi na kupima tena.