Namba ya siri ya simu isitoke kwenye kitambulisho chako

Mwizi wa stendi ya Moshi mara nyingi haondoki na simu peke yake. Anaondoka na kipochi chote, na ndani yake kuna kitambulisho cha NIDA. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Aliyefunga simu kwa 1984, au kwa siku na mwezi wake, ameibiwa kufuli pamoja na ufunguo.

Hata asipopata kitambulisho, kubahatisha mwaka wa kuzaliwa si kazi kubwa. Kuanzia 1950 hadi 2009 kuna namba 60 tu. Siku na mwezi hutoa 366. Simu humchelewesha: Android nyingi zikikosewa mara 5 humsubirisha sekunde 30, na kadiri anavyoendelea kukosea ndivyo muda unavyorefuka. Ucheleweshaji huo humkwamisha anayebahatisha kati ya namba 1,000,000. Mwenye orodha ya namba 60 anaweza kuuvumilia.

Hizo 1,000,000 zinatokana na tarakimu 6, maana 4 hutoa 10,000 tu. Lakini wingi huo una maana pale namba ilipochaguliwa kwa bahati, kwa kuwa 123456 nayo ina tarakimu 6. Kata vikaratasi 10, andika 0 hadi 9, vikunje na uvitie kwenye kikombe. Chukua kimoja, andika tarakimu yake, kirudishe, tikisa, uchukue tena hadi zitimie 6. Usipokirudisha, hakuna tarakimu itakayojirudia, na namba nyingi utakuwa umeziondoa mwenyewe. Ikitoka inayofanana na tarehe, anza upya.

Kisha fungua Settings, ingia Security, halafu Screen lock, chagua PIN. Baadhi ya simu huita sehemu hiyo Security & privacy. Karatasi uliyoandikia ibaki nyumbani mpaka vidole vizoee. Isiwekwe nyuma ya kava pamoja na noti ya akiba. Huko ndiko mwizi anakoanza kutazama.

Namba hii isiwe ile ya M-Pesa. Kufuli ya kioo hailindi laini: mtu anaweza kuitoa, akaiweka kwenye simu nyingine na kupiga *150*00#. Hapo kinachobaki kulinda pesa ni namba ya siri ya M-Pesa. Kama aliyekaa nyuma yako kwenye daladala aliona ukifungua simu, hiyo ndiyo atakayoijaribu kwanza.

Sasa kidole au sura? Vyote ni njia ya mkato tu. Ukiwasha simu upya itadai namba, na kidole kikikataa itarudi kwenye namba vilevile. Kwa hiyo kidole hakiokoi namba dhaifu.

Tumchukue mama anayeuza ndizi Kiboriloni kwa simu ya Android ya bei ya kawaida. Kutwa anamenya, utomvu umemganda vidoleni, mikono ina maji. Kitambuzi husoma matuta ya ngozi, na utomvu huyaziba. Simu inakataa, naye anakata tamaa na kuhamia sura. Katika simu nyingi za bei hiyo, sura husomwa na kamera ya mbele peke yake, ambayo huona picha bapa. Simu ya namna hiyo huweza kudanganywa kwa picha yake, au kufunguliwa na ndugu wanayefanana. Simu zenye kitambuzi cha kina, kama iPhone za Face ID, ni habari nyingine.

Ataijuaje yake? Ajaribu kuifungua kwenye giza totoro. Ikishindwa, au kioo kikiwaka cheupe ili kummulika, huenda inategemea kamera ya kawaida. Dalili nyingine ni programu ya benki kukubali kidole na kukataa sura. Simu ikionyesha dalili hizo, abaki na kidole, ila asajili vizuri.

Anawe mikono na kuikausha kwanza. Asajili kidole kisichoshika kisu wala ndizi, na wakati wa kusajili akigeuze pembeni na nchani, si katikati pekee. Kidole hichohicho akisajili mara ya pili kama kipya, ikiwa simu inaruhusu, kisha aongeze kimoja cha mkono wa pili. Kama kitambuzi kiko chini ya kioo, protekta iwekwe kwanza ndipo vidole visajiliwe. Protekta nene ikija baadaye, simu huanza kukataa ghafla na lawama humwangukia fundi.

Kidole kina udhaifu wake: aliyelala fofofo anaweza kushikishwa simu. Kwenye Android nyingi, kubonyeza kwa muda kitufe cha kuwashia huleta Lockdown. Ukiigusa kabla ya kulala, kidole na sura havitafanya kazi mpaka namba iingizwe. Isipoonekana, itafute ndani ya mipangilio ya kufunga kioo.