Mkato Unapohamisha Wajibu: Alama za Uandishi katika Sentensi Ndefu za Kiofisi

"Mkaguzi asipomjulisha mhasibu atawajibika." Sentensi hii ina maneno manne tu, lakini ikiingia kwenye mwongozo wa kazi inaweza kuzaa mgogoro. Weka mkato baada ya neno la pili, na mhasibu ndiye atakayewajibika: "Mkaguzi asipomjulisha, mhasibu atawajibika." Uweke baada ya neno la tatu, na mzigo unarudi kwa mkaguzi: "Mkaguzi asipomjulisha mhasibu, atawajibika." Bila mkato, kila upande utasoma kinachoufaa.

Chanzo cha utata huu kimo ndani ya sarufi yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtenda, na kiambishi hicho hutuambia kitenzi ni cha nani hata kama nomino yenyewe imeachwa mbali. Hapa, hata hivyo, mkaguzi na mhasibu wako katika ngeli moja, ya A-WA. Kiambishi "a-" cha "atawajibika" kinawafaa wote wawili, hivyo hakisaidii kuchagua. Sasa linganisha na hii: "Mkaguzi asipofika vitabu vitarejeshwa." Hapa hakuna wa kupotea, kwa sababu "vi-" inavishika vitabu moja kwa moja. Mkato baada ya "asipofika" utampumzisha msomaji, lakini maana ilikwisha kukaa mahali pake kabla ya mkato.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo tunachopendekeza kwa anayeandika barua, kanuni, mkataba au muhtasari wa kikao. Kabla ya kuweka alama, tazama upatanisho wa kisarufi. Ikiwa viambishi vinaonyesha wazi nani anafanya nini, alama ni ya kumrahisishia msomaji, na ikizidi humsumbua. Ikiwa nomino mbili za ngeli moja zinagombea kitenzi kimoja, alama ndiyo inayoamua maana na haina budi kuwepo. Na ikiwa hata alama haiwezi kuamua, sentensi iandikwe upya.

Hali hiyo ya tatu hutokea mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua "wanafunzi wa walimu waliohamishwa". Waliohamishwa ni wanafunzi au walimu? Ukiandika "wanafunzi wa walimu, waliohamishwa mwezi Machi, watapewa barua", umeongeza mikato miwili na swali limebaki lilelile. Dawa ni kubadili maneno: "wanafunzi waliohamishwa, ambao walikuwa chini ya walimu hao" au "wanafunzi ambao walimu wao walihamishwa".

Kosa la mkato linaloonekana zaidi katika nyaraka rasmi ni lile la kutenganisha kiima na kitenzi chake. "Watumishi wote wa mkataba walioajiriwa kabla ya mwezi Julai na ambao hawajapokea barua za uthibitisho, wanatakiwa kufika ofisi ya utumishi." Mwandishi ameweka mkato pale pumzi ilipomwishia. Lakini "wa-" ya "wanatakiwa" ilikuwa tayari inarudi kwa watumishi, na mkato umekata kamba hiyo katikati. Ukihisi hamu ya kuweka mkato mahali kama hapo, hamu hiyo ni dalili kwamba kiima kimekuwa kirefu mno. Kisogeze kitenzi mbele: "Wanatakiwa kufika ofisi ya utumishi watumishi wote wa mkataba walioajiriwa kabla ya mwezi Julai na ambao hawajapokea barua za uthibitisho." Msomaji sasa anajua mapema anachoambiwa, kisha anasoma sifa za wanaohusika.

Kuhusu "amba-", kuna kanuni ambayo ni sahihi lakini haitoshi. "Watumishi ambao hawajahakikiwa hawatalipwa" inawahusu baadhi tu. "Watumishi, ambao hawajahakikiwa, hawatalipwa" inawahusu wote. Tatizo ni kwamba waandishi wengi huweka mkato kabla ya "ambao" kwa mazoea, na wasomaji wengi hawaujali. Haki ya mtu ya kulipwa isitegemee alama ambayo pande mbili huenda zisiisome kwa namna moja. Andika "Watumishi wasiohakikiwa pekee ndio hawatalipwa", au, kama unakusudia wote, "Hakuna mtumishi atakayelipwa kwa sasa, kwa kuwa uhakiki haujafanyika".

Sasa tuje kwenye orodha, mahali ambapo nukta-mkato hufanya kazi yake bora. Katika Kiswahili hatuna desturi ya kuweka mkato kabla ya "na" au "au" ya mwisho. Ni desturi nzuri, ila inatuachia mtego mmoja. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa katika jimbo la Maine waliodai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipwa saa za ziada, na kwa Kiswahili mwisho wa orodha ungesomeka hivi: "kuuza, kuhifadhi, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni sehemu ya lengo la kufungasha? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Mahakama iliona maneno yana utata na ikawapa ushindi madereva, na mwaka uliofuata pande hizo zilimaliza shauri kwa dola milioni 5. Baadaye watunga sheria waliandika orodha hiyo upya na kuweka nukta-mkato kati ya kazi na kazi.

Tazama jinsi utata huo unavyohamia katika Kiswahili bila kupungua. Vitenzi vyote vinaanza na "ku-", kwa hiyo upatanisho hauna la kusema. Ukiandika "kuuza; kuhifadhi; kufungasha kwa ajili ya kusafirisha; au kusambaza", kusambaza kunasimama peke yake. Ukiandika "kuuza; kuhifadhi; au kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", kunarudi chini ya kufungasha.

Faida hiyo ya nukta-mkato huonekana pia katika orodha ya watu. "Nakala zipelekwe kwa mkurugenzi, mwenyekiti wa kamati, mkaguzi na mwanasheria." Hao ni wanne, au mkurugenzi ndiye mwenyekiti wa kamati, na hivyo ni watatu? "Mkurugenzi, ambaye ni mwenyekiti wa kamati; mkaguzi; na mwanasheria" inamaliza swali. Lakini usitumie nukta-mkato katika orodha ya maneno mafupi yasiyo na mikato ndani yake. "Kalamu; karatasi; na wino" humfanya msomaji atafute ugumu usiokuwepo. Na orodha ikizidi vipengele vitano hivi, au kila kipengele kikiwa na sharti lake, achana na alama na uteremke mistari yenye herufi (a), (b), (c). Hapo hata atakayenukuu kipengele kimoja atakuwa na jina la kukiita.

Nje ya orodha, nukta-mkato ina sharti moja: kila upande uwe na kitenzi kikuu na uweze kusimama kama sentensi. Kosa la kawaida ni hili: "Iwapo kikao hakitafanyika; wajumbe watajulishwa." Upande wa kwanza ni sharti tu na unasubiri matokeo yake, lakini nukta-mkato imemwambia msomaji kwamba umekwisha. Mkato ndio unaotakiwa hapo. Hali ni hiyohiyo kwa vishazi vyenye "-ki-", "-po-", "-sipo-" na "-nge-".

Dashi inahitaji tahadhari zaidi katika maandishi rasmi. Kwanza, isichanganywe na kistari kifupi, kile kinachokata neno mwisho wa mstari. "Posho-kama ipo-italipwa" inasomeka kana kwamba maneno yameunganishwa. Katika Windows, dashi hupatikana kwa kushikilia Alt na kuandika 0150 upande wa namba wa kibodi. Iwe na nafasi pande zote mbili. Pili, dashi za katikati ya sentensi hufanya kazi kwa jozi. Ya pili ikisahauliwa, msomaji hajui nyongeza imeishia wapi. Tatu, na hili ndilo zito, maneno yaliyo kati ya dashi husomwa kama maelezo ya pembeni. Yanafaa kwa ufafanuzi ambao ndani yake mna mikato: "Idara tatu – fedha, ugavi na sheria – zitakutana Jumatatu." Hayafai kubeba sharti, msamaha au tarehe ya mwisho.

Tuone yote haya katika sentensi moja ya mfano:

"Mfanyakazi yeyote, atakayechelewa kuwasilisha ripoti ya mwezi, bila sababu ya ugonjwa, au msiba, atakatwa posho ya siku moja – isipokuwa kama amemjulisha msimamizi wake kwa maandishi – na ripoti hiyo itapokelewa ndani ya siku saba; vinginevyo haitapokelewa."

Ina alama saba kabla ya nukta. Anza na mikato minne. Wa kwanza unamtenga "mfanyakazi yeyote" na "atakayechelewa", na kufanya ionekane kwamba kila mfanyakazi atachelewa. Wa pili na wa tatu unavunja "bila sababu ya ugonjwa au msiba", na msiba unabaki ukielea. Wa nne unakata kiima na kitenzi. Yote minne inaondoka bila hasara, kwa sababu "a-" ya "atakatwa" haiwezi kuwa ya msiba. Msiba ungedai "utakatwa".

Dashi zimebeba msamaha, na ndani yake kumejificha pengo: amjulishe msimamizi lini? Kabla ya kuchelewa, au hata wiki moja baadaye? Mhariri hawezi kujijibu; amuulize aliyetunga. Mwisho, nukta-mkato yenyewe iko mahali panaporuhusiwa, ila "vinginevyo" haina anwani. Inaweza kumaanisha siku saba zikipita, au msimamizi asipojulishwa. Na siku saba zenyewe hazisemi zinahesabiwa tangu lini.

Mtunzi akishajibu, sentensi inakuwa tatu:

"Mfanyakazi yeyote atakayechelewa kuwasilisha ripoti ya mwezi bila sababu ya ugonjwa au msiba atakatwa posho ya siku moja. Hatakatwa posho iwapo alimjulisha msimamizi wake kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Ripoti iliyochelewa itapokelewa ndani ya siku saba baada ya tarehe hiyo; ikizidi hapo haitapokelewa."

Imebaki nukta-mkato moja, na pande zake mbili zina vitenzi vyake, "itapokelewa" na "haitapokelewa", vyote vikiishika ripoti. Sasa linaonekana pia swali ambalo alama zile saba zililifunika: aliyemjulisha msimamizi wake kwa wakati lakini akaleta ripoti siku ya nane, je, ripoti yake itapokelewa? Hilo halijibiwi kwa mkato wala dashi. Linarudi kwa mtunzi wa kanuni kabla hajaisaini.